Mzingo wa ndani umepita pai

"Niko Nairobi, nafanya hesabu ya pai. Duara la kipenyo 1, heksagoni ya ndani ina mzingo 3, ya nje 3.4641. Kwa pande 12 ndani napata 3.2237. Mbona?"

Ndugu, umetumia mzingo wa nje wa zamani. Ukiita wa ndani a na wa nje b, tafuta kwanza wa nje mpya:

2ab ÷ (a + b) = 3.2154

Kisha zidisha a kwa huo mpya, si kwa 3.4641, utoe kipeuo cha pili: √(3 × 3.2154) = 3.1058.

Dalili ya kosa ilikuwa wazi: wa ndani wa pande 12 hauwezi kuuzidi wa nje wa pande 12, yaani 3.2154. Endelea 24, 48, 96. Pengo hupungua hadi karibu robo kila hatua. Arkimedi aliishia pande 96, ambapo pai iko kati ya 3.1410 na 3.1427. Usikadirishe tarakimu mapema.