Kufunga paneli 6 za sola juu ya bati, Moshi

"Fundi anataka kufunga reli kwenye bati tupu halafu apake silikoni. Itashika?"

Hapana, ndugu, usimruhusu. Upepo hauisukumi paneli tu, huinyonya kwenda juu. Paneli 6 za mita za mraba 2 kila moja ni mita za mraba 12. Upepo mkali ukinyonya kilo 100 kwa kila mita ya mraba, ni kilo 1,200. Ukiwa na miguu 12 ya reli, kila mmoja unavutwa kwa kilo 100. Bati peke yake litachanika pale kwenye skrubu.

Skrubu ipite bati na kuingia katikati ya papi, mbao inayoshikilia bati. Kisha angalia papi zenyewe: zikiwa zimepigiliwa misumari tu kwenye kenchi, hapo ndipo zitakapong'oka, kwa hiyo zifunge kwa ukanda wa chuma. Paneli zikae ndani kidogo, mbali na kingo za paa, ambako mnyonyo ni mkubwa zaidi.

Toboa juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni maji yanakopita. Washa ya mpira ndiyo inayozuia maji: kaza mpaka ibonyee kidogo, ikitokeza pembeni umezidisha, itapasuka juani. Silikoni ni nyongeza tu, na ile yenye harufu ya siki iacheni, inakula zinki.