Kuku watatu, mifuko mitatu: alama kwa mteja asiyesoma

*Nina duka la chakula cha kuku huku Ruai. Nafungasha mwenyewe mifuko ya kilo 2: ya vifaranga, growasi ya kuku wanaokua na leyasi ya wanaotaga. Wateja wangu wengi hawasomi. Juzi mama mmoja alirudi analia, amewapa vifaranga leyasi siku kumi. Fundi wa grafiki amenichorea nembo ya herufi mbili, na kwenye mifuko ameweka kuku mdogo, wa kati na mkubwa. Inatosha? Na nitajuaje kama alama inaeleweka?*

Ndugu yangu, pole, na umfikishie huyo mama pole zangu. Leyasi ina kalisi ya karibu asilimia 3.5 hadi 4, maana kuku anayetaga anajenga ganda la yai kila siku. Chakula cha vifaranga kina karibu asilimia 1 tu. Kalisi hiyo ya ziada huharibu figo za kifaranga. Basi kazi ya kwanza ya alama zako ni kuzuia kosa hilo moja, na kila mchoro tuupime kwa hilo kabla ya kuuliza kama unapendeza.

Kuku watatu wa saizi tatu hawatoshi. Kwenye rafu yako wamesimama pamoja, kwa hiyo unaona nani mdogo na nani mkubwa. Mama akifika nyumbani ana mfuko mmoja tu mkononi, na kuku aliyechorwa hapo ni mkubwa kuliko nani? Kila mfuko lazima ujieleze ukiwa peke yake.

Niliwahi kufanya kazi kama hii kwa mfungashaji mmoja wa Mwiki. Kifaranga hakikutusumbua: mwili wa mviringo, mdomo mfupi, miguu miwili, kila mtu alikitaja. Leyasi ndiyo iliyotutoa jasho. Kwanza nilichora kuku amekaa juu ya mayai, nikaona nimemaliza. Wafugaji wakaniambia, "Huyu anatamia." Mmoja akaongeza kwamba ni chakula cha kumpa kuku ili aangue vifaranga. Nilikuwa nimechora yai, wao wakaona kifaranga kinakuja, yaani nilikuwa nawasogeza kwenye kosa lile lile ninaloliogopa. Nikamsimamisha kuku, nikamwekea kando trei ya mayai, ile ya 30 inayouzwa kila kibanda Nairobi. Hapo jibu likabadilika: "Ni kuku wa biashara ya mayai." Trei inasema soko, kiota kinasema kuangua.

Mwenye duka alitaka pia tuweke kifaranga kilichopigwa mstari mwekundu juu yake kwenye mfuko wa leyasi, kuonyesha marufuku. Nilikubali tuijaribu, na ninakusihi usiirudie. Mstari wa kukataza ni kitu cha kujifunza barabarani na shuleni. Asiyeujua anaona kuku na kifaranga kwenye mfuko mmoja, anaelewa kwamba chakula ni cha wote wawili. Usichore usichokitaka. Kifaranga kisionekane popote kwenye mfuko wa leyasi.

Growasi ilitushinda kuichora. Kuku mchanga asiye na upanga kichwani aliitwa kanga, mara njiwa. Nikajaribu kuonyesha umri kwa miezi: kwa Kiswahili mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja, nikachora hilali mbili nikiamini nimepata dawa. Wakasema, "Umpe usiku." Namba 2 peke yake nayo ikasomwa kuwa kilo 2, kwa sababu wateja wasiosoma maneno mara nyingi wanazijua namba vizuri, za noti na za simu, na kwenye mfuko wanatarajia uzito au bei.

Hapo nikaacha kulazimisha. Kuna alama inayojieleza na kuna alama inayofundishwa, na zote mbili ni halali. Kumbuka kura ya maoni ya Novemba 2005: ndizi kwa ndiyo, chungwa kwa hapana. Chungwa halina uhusiano wowote na katiba, lakini lilishika kwa sababu lina umbo moja na jina ambalo kila mtu analitamka. Growasi yetu ikapewa ngazi, kubwa, katikati ya mfuko. Muuzaji alifundishwa kusema kila anapouza, "Hii ni ya ngazi, kuku anapanda, bado hajataga." Baada ya muda wateja wenyewe walikuja wakisema, "Nipatie ya ngazi." Mche wa mmea ungeonyesha kukua pia, lakini kwenye duka lenye mbolea jirani ungeleta kosa jipya.

Kutamkika ndiko kunakokosekana kwenye nembo yako ya herufi mbili. Mteja asiyesoma anakutangaza kwa mdomo, na herufi hana namna ya kuzitaja kwa jirani. Chagua kitu kizima chenye jina moja ambacho hakuna duka la karibu linalokitumia, kengele kwa mfano, ili watu waseme "pale kwa kengele". Usitumie kuku, atagombana na kuku wa mifuko. Jogoo hasa muache: ni alama ya KANU, na hutaki mtu aulize duka ni la chama gani.

Sasa kupima. Tafuta watu 20 wanaofuga au waliowahi kufuga, ambao hawajaona michoro na hawasomi vizuri. Mwonyeshe kila mmoja peke yake, mfuko mmoja baada ya mwingine, maandishi yakiwa yamefichwa, na ubadilishe mpangilio. Usiulize "umeelewa?", maana kwa heshima atakujibu ndiyo. Uliza, "Chakula hiki utampa nani?" kisha nyamaza. Andika maneno yake yalivyo. Kiwango cha Marekani cha alama za usalama, ANSI Z535.3, kinataka angalau asilimia 85 wajibu sawa, na wanaoelewa kinyume chenye hatari wasizidi asilimia 5. Kinatumia watu wengi kuliko hao wako, lakini kwa 20 hesabu inakuwa 17 sawa, na hatari asizidi mmoja. Kwa leyasi mimi sikubali hata huyo mmoja. Akitokea anayesema kifaranga, narudi mezani kuchora. Ngazi usiipime hivyo siku ya kwanza. Wafundishe, rudi baada ya wiki mbili, uliza tena.

Michoro yenyewe iwe kivuli kilichojaa wino, kuku wa ubavuni, mwili mzima. Kichwa peke yake kuna watakaokiona kuku aliyechinjwa. Nafasi kati ya mayai ya trei isipungue milimita 1, la sivyo wino wa skrini juu ya nailoni utaziba na trei itakuwa tofali. Kuku awe na upana wa sentimita 6 au zaidi, kisha simama mita 3 kutoka kwenye rafu uone kama unamtambua jioni taa ikiwa hafifu.

Rangi iongezee tu. Chapa kwanza kila kitu kwa wino mweusi, pima, halafu ndipo uweke mkanda wa rangi kwa kila aina. Nyekundu na manjano hufifia mapema juani, na wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Maandishi yabaki, hata kwa udogo, kwa ajili ya mtoto wa shule atakayemsomea mama yake.

Kabla hujaagiza mifuko River Road, chapa 30 tu za majaribio, na uanze na ya leyasi.