Loti inayozaa loti

Wadogo zangu, juzi mmoja wenu amenionyesha simu yake: oda sita za EURUSD, zote bai, zote nyekundu, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Ananiambia kwa furaha, "Kaka, bei ikirudi kidogo tu natoka na faida." Nilicheka, kisha tumbo likaniuma, maana sentensi hiyo niliisema mimi mwenyewe Desemba 2014, neno kwa neno.

1. Kushusha wastani, yaani kununua tena na tena kila bei inaposhuka, kunakuvuta kwa sababu hesabu yake ni ya kweli. Hapo ndipo mtego ulipo.

Nilikuwa na dola 1,000, levereji ya 1:500. Siku chache kabla ya Krismasi nikanunua loti 0.01 kwenye 1.2200, bila stopu losi. Nikatega oda za kununua kila pipsi 50 kwenda chini, kila moja mara mbili ya iliyopita: 0.02, 0.04, 0.08 na kuendelea. Swopu na spredi naziacha pembeni.

Ijumaa ya tarehe 2 Januari bei ikagusa 1.2000. Imeshuka pipsi 200 na hasara yangu ni dola 130 tu! Nikajiona mtaalamu. Oda ya tano, 0.16, ikaingia, na wikiendi nikaenda kula pilau harusini huku nikimweleza shemeji kwamba stopu losi ni ya waoga.

Nisichokitazama ni kwamba sasa nilikuwa nimebeba loti 0.31. Mwanzoni kila pipsi ilinigharimu senti 10, sasa dola 3.10. Jumatatu usiku wa manane soko lilifunguka na yuro ikaporomoka hadi 1.1864. Kwenye 1.1950 hasara ikawa dola 285, na 0.32 ikaingia. Kwenye 1.1900 ikawa dola 600, na 0.64 ikaingia. Jumla loti 1.27, dola 12.70 kwa kila pipsi. Mimi nimelala.

Angalia utamu wake: wastani wa manunuzi yangu ulikuwa karibu 1.1947. Yaani baada ya kuanguka pipsi 300, nilihitaji zirudi 47 tu nitoke salama. Lakini equity, yaani salio ukishatoa hasara ya oda zilizo wazi, ilibaki dola 400, marjini imeshika takriban 300 kama dhamana ya oda hizo, na broka alikuwa anakata equity ikifika 50% ya marjini. Kutoka hapo hadi kukatwa hazikufika pipsi 20. Mimi nahitaji 47 kwenda juu, soko linahitaji 20 kwenda chini. Wakaanza kukata 0.32, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na hasara kubwa kuliko zote, ikafuata 0.16, kisha ile 0.64. Saa kumi na moja alfajiri nikakuta zile nne ndogo zinanitazama kama yatima. Nikazifunga kwa mkono, nikabaki na dola mia na ushee. Hizo zilizopotea ndani yake kulikuwa na kodi ya fremu.

Najua utakachosema: "Ungekuwa na mtaji mkubwa zaidi." Haya. Tarehe 22 Januari Benki Kuu ya Ulaya ikatangaza kununua dhamana kwa wingi, na katikati ya Machi yuro ilikuwa imeshuka chini ya 1.05. Kwa mpango wangu, pale 1.0500 ningepaswa kufungua oda ya 35, yenye loti zaidi ya milioni 171. Mtafute huyo broka.

2. Martingeli ya tredi moja moja, ile ya kupoteza kisha kudabo inayofuata, ni mtoto wa mama huyohuyo. Ukianza na 1% ya akaunti, hasara sita mfululizo zimekula 63%, na ya saba inataka 64% ambayo huna. Kama tredi zako ni nusu kwa nusu, saba mfululizo ni nafasi 1 kati ya 128. Wewe unayeingia mara tano kwa siku, hiyo si mbali. Na ukishinda, unapata ile 1% ya mwanzo tu.

3. Roboti mnazouziwa zenye mstari wa balance ulionyooka kama rula: omba mstari wa equity. Balance haihesabu oda zilizo wazi.

4. Ukitaka kuingia kwa vipande, gawanya hatari yako, tuseme 2%, katika vipande vitatu kabla ya kubonyeza chochote, vyote na stopu losi moja.

Yule mdogo wangu nilimwambia afunge zote sita palepale mbele yangu. Akafunga tano. Ya sita, anasema, anaiangalia tu.