Saa 01:30 iliyokuja mara mbili

Jumatatu moja ya Novemba nilifika kazini nikakuta malalamiko yamejaa: wateja wametumiwa bili mara mbili. Nikafungua logi. Mistari miwili, yote imeandikwa 01:30, yote inasema kazi imekamilika. Nikadhani logi ndiyo imerudia mstari, nikapoteza asubuhi nzima nikitafuta kosa mahali ambapo halikuwapo.

Seva yetu ilifuata saa za New York. Huko, Jumapili ya kwanza ya Novemba, ikifika 02:00 saa hurudishwa nyuma iwe 01:00. Dakika zote za kati ya 01:00 na 02:00 hupita, kisha zinapita tena. Programu ya ratiba tulikuwa tumeiandika wenyewe, na kila dakika ilitazama saa na kuuliza swali moja tu: sasa ni 01:30? Usiku ule ilijibiwa ndiyo mara mbili. Jaribu mwenyewe kwenye Linux, kwa tarehe ya mwaka 2025:

```
TZ=America/New_York date -d '2025-11-02 05:30 UTC'
TZ=America/New_York date -d '2025-11-02 06:30 UTC'
```

Amri zote mbili zitakuonyesha 01:30. Tofauti ni herufi tatu tu: ya kwanza ina EDT, yaani saa za kiangazi za huko, ya pili EST, saa zao za kawaida. Logi yetu haikuandika herufi hizo, ndiyo maana nilipotea. Siku hizi sikubali logi isiyoandika saa pamoja na tofauti yake na UTC, yaani `01:30-04:00` na `01:30-05:00`.

Machi mambo hugeuka. Jumapili ya pili ya mwezi huo, ikifika 02:00 saa huruka hadi 03:00, kwa hiyo kazi uliyoipangia 02:30 haina dakika yake. Hili naliogopa zaidi kuliko bili mbili, kwa sababu halipigi kelele. Kazi haikuanza, basi haina kosa la kuripoti. Kengele inayolia kazi inaposhindwa haitakusaidia hapa. Weka nyingine inayolia ikifika, tuseme, 04:00 na hakuna alama kwamba kazi ya leo imekamilika.

Utaambiwa cron, programu ya ratiba ya Linux, inajua mambo haya. Toleo lake liitwalo cronie linajua kweli: kazi yenye saa maalumu ikirukwa, huiendesha mara moja baada ya mruko, na saa zikirudi nyuma hairudii. Lakini kazi zinazoendeshwa mara nyingi kuliko kila saa haizigusi, na programu nyingine za ratiba zina tabia zao. Soma maelezo ya ile unayoitumia wewe, usikisie.

Sisi tulihamisha ratiba kwenye UTC, ambayo haina saa za kiangazi. Kazi ikawekwa 06:30 UTC. New York hiyo ni 01:30 majira ya baridi na 02:30 majira ya kiangazi. Inasogea saa moja, lakini hairudii wala hairuki.

Nikapumua. Mapema mno! Skripti yenyewe ilikuwa inakusanya miamala ya "saa 24 zilizopita" kuanzia usiku wa manane wa New York kurudi nyuma. Tarehe 2 Novemba 2025, siku ya huko ilianza 04:00 UTC ikaisha 05:00 UTC ya kesho yake. Hizo ni saa 25. Ukitoa 24 kutoka mwisho, saa ya kwanza ya siku hiyo haiingii kwenye bili ya mtu yeyote. Tarehe 9 Machi siku ilikuwa na saa 23, na hapo hesabu ileile inachukua saa ya mwisho ya jana ambayo tayari imeshatozwa. Usitoe 24. Tafuta mwanzo wa siku kwa ukanda wa `America/New_York`, tafuta mwanzo wa siku inayofuata, kisha geuza vyote viwili kuwa UTC. Na usiandike `EST` badala ya jina hilo, maana EST haibadiliki mwaka mzima.

Mwisho tuliweka kufuli kwenye hifadhidata, maana hata mtu anaweza kuendesha kazi mara mbili kwa mkono wake. Kwenye PostgreSQL, jedwali likiwa na ufunguo wa pekee wa `(job, run_date)`:

```sql
INSERT INTO job_runs (job, run_date, status)
VALUES ('bili', '2025-11-02', 'started')
ON CONFLICT DO NOTHING;
```

Hapo `run_date` ni siku inayotozwa, si saa ya kuanza. Ikiingia safu sifuri, skripti inaacha. Ile `status` usiiondoe: kazi ikifia njiani, safu inabaki `started`, na bila alama hiyo hutajua kama bili zilitoka zote au nusu.