Kinasa sauti kikizima katikati ya kikao, muhtasari unajengwaje upya?

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, wilayani Newala. Alikuwa amerekodi mkutano mkuu kwa simu, na jioni alipofungua faili akakuta dakika 52 tu. Kikao kilikuwa cha saa mbili na dakika tano. Ajenda nzito kuliko zote, ya mchango wa kukarabati ghala, haikusikika. Wenzake walimshauri aandike tu "wajumbe walikubaliana". Nashukuru hakuwasikiliza. Mstari wa namna hiyo ndio unaokuja kuwagombanisha watu msimu ukifunguliwa na makato yakaanza.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa sahihi: kabla hajampigia mtu yeyote, aliketi akaandika anachokumbuka mwenyewe. Mpangilio ni huo huo siku zote. Ukianza kuwauliza wengine, maneno yao yanaingia kichwani mwako, na baada ya siku mbili huwezi tena kutenganisha ulichosikia mkutanoni na ulichoambiwa kwenye simu.

Kisha akatafuta mahali hasa pengo linapoanzia. Kikao kilifunguliwa saa 4:10 asubuhi, na kurekodi kulianza hapo hapo. Ukiongeza dakika 52 unapata saa 5:02. Kuanzia hapo hadi kufungwa saa 6:15 ndiyo sehemu ya kutafutiwa vipande. Angalia saa kwa makini: simu ikiandika 11:26, kwetu ni saa tano na dakika 26. Ukichanganya saa ya simu na ya kwetu, matukio yanapishana kwa saa sita. Na picha zilizopitia WhatsApp usiziamini kwa muda, kwa sababu unaouona ni wa kutumwa au kuhifadhiwa. Mwombe aliyepiga akufungulie picha halisi kwenye simu yake.

Picha ndizo zilizomwokoa. Kuhusu mchango, mjumbe mmoja alisema shilingi 25 kwa kilo, mwingine 30, na daftari la karani wa ghala lilikuwa na 20. Ungedhani wawili kati yao wanadanganya. Lakini picha ya ubao ya saa 5:26 ilionyesha 25, na ya saa 5:41 ilionyesha 25 imekatwa kwa chaki, pembeni imeandikwa 20. Basi 25 ilikuwa pendekezo, na 20 ndiyo iliyobaki ubaoni. Ile 30 haikuwa na ushahidi wowote zaidi ya kumbukumbu ya mtu mmoja, kwa hiyo hakuiingiza.

Kura zilihitaji hesabu. Mjumbe mmoja alishika kwamba waliokubali 20 walikuwa 70 na waliotaka 25 walikuwa 31. Jumla yake ni 101, wakati karatasi ya mahudhurio ina majina 94. Haiwezekani. Daftari la karani lilisema 58 kwa 31, jumla 89, na watano wakawa hawakupiga kura. Ile 31 aliitaja pia aliyehesabu mikono, naye aliulizwa peke yake, kwa swali lililo wazi: "Kura zilikuwaje?" Hakuulizwa "Ni kweli zilikuwa 31?", maana swali la namna hiyo linamtia mtu jibu mdomoni.

Kwa hiyo akaandika hivi:

"Sehemu hii imeandikwa kutokana na picha za ubao, daftari la karani na maelezo ya wajumbe, baada ya kinasa sauti kuzima saa 5:02. Mkutano uliazimia mchango wa shilingi 20 kwa kilo. Waliotaka 25 walikuwa 31. Waliokubali 20 walikuwa 58, kwa mujibu wa daftari la karani. Jina la mtoa hoja halikubainika."

Tazama alivyotenganisha. Namba yenye mashahidi wawili imesimama yenyewe, yenye shahidi mmoja imetajiwa chanzo chake, na kisichojulikana kimeachwa wazi. Hakuna alama za kufungua na kufunga usemi popote kwenye sehemu hiyo, kwa sababu maneno halisi hayapo. Inaniuma kuona makatibu wakimwekea mtu kauli mdomoni ili karatasi ipendeze.

Kilichokatisha kurekodi ni nafasi ya simu iliyojaa video za makundi. Saa moja ya sauti isiyobanwa hufika karibu megabaiti 600, iliyobanwa karibu 60. Chagua iliyobanwa, futa video, weka hali ya ndege ili simu isipigwe katikati, na kila ajenda mpya tazama kama dakika bado zinahesabika.

Rasimu alimpa mwenyekiti siku ya tatu, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Kikao kijacho, kabla ya yatokanayo, atausoma muhtasari kwa sauti ili wajumbe wauthibitishe. Atakayemkumbuka mtoa hoja atasema hapo, na sahihisho litaandikwa kwenye muhtasari wa siku hiyo. Ule wa zamani hautafutwa.