Pasheni ya njano inachanua kila siku lakini haishiki matunda

Swali: "Wakuu, nipo Igoma, Mwanza. Nina mashina matatu ya pasheni ya njano, nilipanda pingili nilizopewa na jirani. Yana mwaka na nusu na yamefunika chanja chote. Maua ni mengi ajabu ila yanadondoka, tangu yaanze nimevuna matunda saba tu. Nayamwagia mbolea ya kuku kila mwezi. Sasa nina miche mipya minne niliyootesha kwa mbegu za tunda la sokoni. Nifanye nini isiwe hivihivi?"

Mkuu, kabla ya kugusa mbolea au kununua dawa, nenda ukaokote yaliyodondoka. Ua linakwambia lenyewe limekufa kwa sababu gani, ukilitazama limefikia hatua ipi.

Likianguka likiwa bado tumba la kijani, halijafunguka, hapo chanzo ni kiu, kivuli kizito au wadudu wanaofyonza. Pasua tumba uangalie ndani kama kuna vidudu, na kagua kikonyo kama kina alama za kutobolewa. Likifunguka vizuri, likajikunja usiku, kisha siku ya pili au ya tatu likawa la njano na kuachia pale kwenye kikonyo, hilo halikupata chavua iliyolifaa. Na kama kitunda kimefika ukubwa wa gololi ndipo kikasinyaa, kitazame kama kina kitundu: mara nyingi inzi wa matunda ametaga humo, au mmea ulikosa maji.

Kwa unavyoeleza, dau langu ni kwenye lile kundi la pili, na neno lililonishtua ni "pingili". Hili lilinipata mimi Buswelu. Nilipanda mashina sita, yote pingili kutoka shina moja la rafiki yangu wa Nyakato, kwa sababu shina lake lilikuwa likizaa sana. Novemba yakachanua hadi majirani wakawa wanasimama kutazama. Nikapata matunda yasiyojaza bakuli. Nilimlaumu muuza mbolea, nikaulaumu udongo wetu wa kichanga, luseni, nikapoteza msimu mzima.

Pasheni ya njano kwa kawaida haikubali chavua yake yenyewe. Chavua ya shina A ikitua kwenye ua la shina hilohilo A, haifanyi kazi, hata mdudu afanye bidii vipi. Inahitaji chavua ya shina lenye asili tofauti. Na pingili si mtoto, ni kipande cha mama. Mashina yangu sita yalikuwa mmea mmoja uliogawanywa mara sita, na matatu yako ni hivyohivyo kama yote yametoka kwenye shina moja. Shina la rafiki yangu lilizaa kwa sababu upande wa pili wa ukuta kulikuwa na pasheni ya mtu mwingine. Hilo sikuliona wakati nakata pingili.

Pasheni ya zambarau haina masharti hayo makali, inaweza kujichavusha. Lakini yenyewe hupenda baridi ya milimani, huku ziwani joto huichosha. Pia usitegemee kuipanda kando ya ya njano ili ikusaidie: ua la zambarau hufunguka alfajiri na kujifunga karibu na adhuhuri, wakati la njano ndiyo kwanza linaanza kufunguka.

Nilivyohakikisha: nilifunga uzi mwekundu kwenye maua ishirini na kuyapaka chavua ya mashina yangu mwenyewe. Mengine ishirini nikayafunga uzi mweupe na kuyapaka chavua ya maua niliyotoka nayo Kisesa kwa mtu mwenye shina la mbegu, nikiyabeba ndani ya kopo. Baada ya siku nne yale ya uzi mwekundu yalikuwa yameanguka yote. Ya uzi mweupe yalibaki kumi na tano, na vitunda vyake tayari vimeanza kuvimba. Fanya jaribio hilo wewe pia, hata kwa maua matano matano. Halina gharama, na litakuonyesha kama dau langu ni sahihi au nimekosea.

Muda ndio wa kuzingatia. Ua la njano hufunguka kuanzia kama saa sita au saa saba mchana na kujifunga usiku. Katikati utaona vichavulio vitano vyenye unga wa njano, na juu yake stigma tatu zenye vichwa vya mviringo. Ua likifunguka tu, stigma zinasimama wima. Subiri kama saa moja hivi, zitainama taratibu hadi zikaribie usawa wa vichavulio. Hapo ndipo upake, mimi hufanya kati ya saa nane na saa kumi na moja. Chuma ua la shina moja, gusa kwa kidole unga utoke, kisha paka stigma zote tatu za ua la shina lingine. Usiishie kwenye moja. Utakutana na maua ambayo stigma zake hazishuki kabisa, zimesimama hadi jioni. Hayo hayashiki tunda hata ukiyapaka, ila chavua yake ni nzima, hivyo yatumie kama baba tu.

Mvua ikinyesha ndani ya saa moja hivi baada ya kupaka, hesabu kazi imeharibika, kwa sababu chavua ya pasheni ikilowa hupasuka. Ndiyo maana kwenye wiki za mvua za mchana hata shamba lenye mashina mchanganyiko huangusha maua mengi, na hapo hakuna dawa ya kupuliza.

Wafanyakazi wa kazi hii kwa asili ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, wanaovuma kwa sauti nzito. Mgongo wao unafika juu, hivyo wakiingia kunyonya hugusa vichavulio na stigma kwa pamoja. Nyuki wa asali ni mdogo, hupita chini ya stigma, na mara nyingi huondoka na unga wote kabla wale wakubwa hawajafika. Naomba watu waache kuwamwagia mafuta ya taa nyuki hao kwenye kenchi za nyumba. Wawekee gogo kavu la mti laini mahali pasiponyeshewa, karibu na chanja, watahamia. Na ukilazimika kupuliza dawa ya wadudu, puliza maua yakishajifunga usiku, kamwe si alasiri.

Sasa miche yako minne. Kwa kuwa ni ya mbegu, kila mmoja una asili yake, na itayafaa hata yale mashina matatu ya zamani. Ndugu wa tunda moja huweza kukataana baadhi yao, kwa hiyo ongeza mmoja au miwili kutoka tunda lingine la mahali pengine. Uchanganye kwenye mstari, usiupande kona yake.

Namna ya kuilea inahusiana na maua moja kwa moja. Pasheni huchanua kwenye tawi changa, ua moja kwenye kila kikwapa cha jani. Tawi la zamani halirudii kuchanua, linachipusha tawi jipya ndilo lichanue. Chanja kilichofunikwa kama chako kinakuwa na machipukizi juu tu, ndani ni kivuli na majani makavu, na nyuki hawapenyi. Mimi niliacha chanja cha dari nikaweka waya mmoja.

Nguzo zangu ni za mlingoti, za mita mbili na nusu, nusu mita ikiwa ardhini, na sehemu ya chini nimepaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Waya mnene usioshika kutu umepita juu, mita mbili kutoka ardhini, nguzo hadi nguzo mita sita. Zile za mwisho zishikilie kwa waya wa kuvutia chini, la sivyo mzigo utazilaza. Miche nimeiachanisha mita tatu.

Mche ukifika kama sentimita thelathini, funga kamba ya katani kutoka kijiti cha chini hadi kwenye waya, uuelekeze humo. Acha shina moja tu. Kila chipukizi la pembeni livunje kwa ukucha lingali changa, kila wiki, maana ukisahau wiki tatu tayari una kichaka. Funga kwa kulegeza, kamba ipite kama namba nane kati ya shina na tegemeo, shina likinenepa lisijinyonge. Ncha ikivuka waya kwa shibiri moja, ikate. Chini ya pale yatachomoza matawi: chagua mawili, moja lipeleke kushoto na jingine kulia, yafuate waya hadi yakutane na ya jirani, halafu uyakate ncha.

Kwenye mikono hiyo miwili ndiko yanatoka matawi yanayoning'inia, na hayo ndiyo yako ya matunda. Yaachie yashuke kama pazia, yaachane shibiri moja moja. Vile vinyuzi vinavyojizungusha vikate, kwa sababu ndivyo vinavyoyashikanisha hadi hewa na mwanga visipite. Tawi likikaribia ardhi, likate shibiri moja juu. Likishazaa na ukamaliza kuvuna, lirudishe hadi macho manne au matano kutoka kwenye mkono, usiuguse mkono wenyewe. Mwaka wa kwanza nilikata hadi mikononi na mashina mawili yakakauka.

Yale mashina yako makubwa usiyakate yote kwa mpigo. Anza na yaliyokufa na yaliyofungamana, theluthi moja tu, mvua zinapoanza ili yachipue upesi.

Kuhusu mbolea ya kuku, mmea uliozidiwa nitrojeni hukimbilia majani meusi na kuchanua kidogo, wewe unachanua, hivyo si mshtakiwa mkuu. Hata hivyo kila mwezi ni nyingi mno. Mimi naweka ndoo moja iliyooza vizuri kila shina, mara mbili kwa mwaka, mbali na shina kama hatua moja. Maji ndiyo nisiyoyafanyia mchezo kuanzia Juni hadi Septemba: mizizi ya pasheni iko juu na luseni haihifadhi maji, hivyo ndoo mbili za lita ishirini kila siku ya tatu, na matandazo ya nyasi kavu yasigusane na shina. Mwaka niliochelewesha maji, matumba ya kijani yalitapakaa chini.

Ua lililoshika utalijua ndani ya siku chache, kitunda kinavimba na kikonyo kinabaki kijani. Baada ya miezi miwili hadi miwili na nusu tunda litageuka njano na kuanguka lenyewe, usilivute. Kata moja ulitazame ndani: kila kokwa ni chembe ya chavua iliyofika, na juisi hukaa kwenye kifuko kinachozunguka kokwa. Tunda jepesi lenye uwazi limepakwa haba, na kesho yake ongeza unga kwenye stigma zote tatu.