Kabla Hujanunua LNB, Uliza Ni Nani Aliyeandika "No Signal"

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Koboko aliniandikia kwamba dikoda yake inawaka, dishi halijaguswa na mtu, lakini televisheni imeandika "No Signal" tangu watoto waichezee, na fundi amemwambia anunue LNB mpya, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Nilimjibu papo hapo asitoe hata shilingi moja kwanza, kwa sababu maneno hayo yamewahi kuigharimu familia yangu, na hadi leo nikiyakumbuka moyo haunitulii.

Shangazi yangu anaishi hapa Arua, ni mjane, na jioni zake hupita mbele ya taarifa ya habari. Siku moja skrini yake iligeuka ya buluu, ikawa na kisanduku kidogo chenye "No Signal" kikitembea kutoka kona hadi kona. Fundi aliyeitwa alipanda juu ya paa kabla hajaitazama televisheni, akashuka na LNB mkononi, akaiita mbovu, akauza nyingine. Skrini ikabaki vilevile. Akasema sasa tatizo ni dikoda, akachukua pesa yake ya kupanda paa, akaondoka.

Nilipofika niliketi mbele ya ile skrini nikajiuliza swali moja tu: maneno haya yameandikwa na mashine ipi? Sebuleni mna mashine mbili zinazoweza kulalamika. Televisheni huandika "No Signal" pale ambapo tundu ililochaguliwa kusikiliza haliletewi kitu chochote. Dikoda nayo hulalamika kwa sura yake yenyewe, kwa kawaida pamoja na namba: kwenye dikoda za DStv, kwa mfano, kukosa mawimbi ya dishi huja na E48-32, na E16 huhusu huduma iliyofungwa, aghalabu kwa sababu ya malipo. Ikiwa ujumbe wa dikoda unaonekana kwenye skrini, basi waya kati ya dikoda na televisheni ni mzima na tundu ni sahihi. Hapo ndipo mtu ana haki ya kuanza kulitazama dishi. Kisanduku kitupu kinachotembea kwa kawaida ni cha televisheni, na dishi halina habari nacho.

Uthibitisho wake ni rahisi. Bonyeza kitufe cha menyu kwenye rimoti ya dikoda. Menyu huchorwa na dikoda yenyewe, wala haihitaji dishi wala malipo, kwa hiyo isipoonekana, shida iko kati ya mashine hizo mbili. Kwa shangazi haikuonekana. Nyuma ya televisheni waya wa dikoda ulikuwa umeingia kwenye tundu lililoandikwa HDMI 2, ilhali televisheni, kwa mkono wa mjukuu, ilikuwa inasikiliza HDMI 1. Rimoti yake ya asili ilikwisha kupotea, lakini karibu kila televisheni ina vitufe vyake ubavuni au chini ya fremu. Nilibonyeza kile cha SOURCE, nikashuka hadi HDMI 2, nikasubiri sekunde chache, kwa maana mashine hizi huchukua muda kutambuana na wengi huhama kabla hazijamaliza. Taarifa ya habari ikarudi.

"Mwanangu, ni hicho tu?" shangazi aliuliza, na sikupenda namna alivyoitazama ile LNB mpya.

Wanaotumia nyaya za rangi tatu wachague AV badala ya HDMI: wa njano hubeba picha, mweupe na mwekundu hubeba sauti. Picha ikitokea bila rangi, huenda waya wa njano uko kwenye tundu la kijani au televisheni imewekwa kwenye Component. Na mtu yeyote asichomoe waya wa dishi huku dikoda ikiwa na umeme, kwa kuwa waya huo hupeleka volti 13 au 18 hadi kwenye LNB, na ncha zake zikigusana unaweza kuunguza mashine nzima.

Ikabaki rimoti, na hapa ndipo nilipotoa jasho. Shangazi hakutaka kuinuka kila mara kwenda kubonyeza vitufe vya ubavuni. Rimoti ya dikoda yake ina kitufe cha TV, na kijitabu chake kina orodha ya kodi, yaani namba za kuifundisha rimoti lugha ya televisheni, kwa kila aina ya televisheni. Kwa rimoti ile, unashikilia TV na OK kwa pamoja mpaka taa iwake, unaingiza namba, kisha unajaribu kuzima televisheni. Rimoti nyingine zina utaratibu wao, kwa hiyo fuata kijitabu chake. Fremu ya televisheni imeandikwa Sony, nikaingiza kodi zote za Sony. Hakuna iliyofanya kazi.

Nilihakikisha kwanza kwamba rimoti inatoa mwanga, kwa kuielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu na kubonyeza: taa ndogo ya zambarau ilionekana, ambayo macho matupu hayaioni. Kisha nikaizima televisheni na kuiwasha, nikiangalia kwa makini jinsi inavyoamka. Jina la Sony halikutokea, na menyu yake haikufanana na ya Sony hata kidogo. Televisheni ile ilinunuliwa ikiwa imetumika, na mtu fulani alikuwa amebadilisha bodi ya ndani akaweka ya Kichina inayoingia kwenye fremu yoyote. Rimoti ya Sony hupepesa mwanga wake mara 40,000 kwa sekunde kwa mpangilio wake yenyewe. Bodi nyingi za aina hiyo husikiliza mpangilio uitwao NEC, wa mara 38,000. Kodi hufuata bodi, haifuati jina lililobandikwa mbele.

Basi niliacha orodha nikatumia utafutaji. Ukishaiingiza rimoti katika hali ileile ya taa kuwaka, unaielekeza kwenye televisheni na kubonyeza kitufe cha kupandisha chaneli polepole, ukipumzika kidogo kila mara, hadi televisheni izime. Hapo unabonyeza OK ili kodi ihifadhiwe. Kodi ya kwanza iliyoizima haikuongeza sauti. Jambo hilo ni la kawaida, kwa sababu kodi mbili zinaweza kushirikiana amri ya kuzima na kutofautiana katika nyingine zote, kwa hiyo usiridhike kabla ya kujaribu sauti na SOURCE. Niliendelea mbele kutoka pale nilipokuwa, na kodi iliyofuata kuizima ilitii vitufe vyote.

Mafundi wenzangu wa mitaani, nisemeni vibaya mkitaka, lakini anayepanda paa la mjane kabla hajabonyeza menyu amekwisha kuamua kuuza kitu. Nanyi wenye nyumba, mwambieni fundi awaonyeshe menyu ya dikoda kwenye skrini kwanza. Asipoiweza, ngazi na ibaki chini.

Kwa wenye rimoti isiyokuwa na orodha ya kodi, ile yenye vitufe vichache tu vya kujifunza, utafutaji huu hautawasaidia. Rimoti hiyo hunakili kutoka kwa rimoti ya asili ya televisheni, zikitazamana kwa umbali wa sentimita chache, kitufe kimoja baada ya kingine. Kama ya asili imepotea, tafuteni jirani mwenye televisheni yenye bodi kama yenu, hata kama jina la mbele ni jingine.